Wasifu wangu unaniletea ajira, mimi nataka wateja

*Mshauri, shikamoo. Nipo Ngamiani, Tanga. Nilifanya kazi ya udhibiti wa ubora kwenye kiwanda cha vyakula kwa miaka 11, na huu ni mwaka wa pili tangu nijiajiri kama mshauri. Nawasaidia wasindikaji wadogo kuweka sawa usafi, ukaushaji, ufungashaji na makaratasi kabla hawajaomba alama ya ubora ya TBS. Wateja niliowapata mpaka leo ni watatu: msagaji wa viungo Muheza, mkamuaji wa mafuta ya nazi Pangani, na mradi mmoja wa vikundi vya kinamama. Wote nimeletewa na watu wanaonijua. LinkedIn nina watu zaidi ya 600, lakini wanaonitafuta huko ni maofisa ajira tu, wananiita kwenye nafasi za ofisa ubora Dar. Maelezo yangu ya About ndiyo haya (kule yako kwa Kiingereza): "Mtaalamu wa usimamizi wa ubora mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 11. Nimekuwa na jukumu la kusimamia maabara, kuandaa taratibu za uendeshaji, kuratibu ukaguzi wa ndani, kutoa mafunzo kwa wafanyakazi na kuandaa ripoti kwa menejimenti. Ni mtu mwenye ari, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Nirekebishe wapi? Na niandike kwa lugha ipi?*

*Dada wa Viwango, Ngamiani*

Marahaba, dada yangu.

Hao maofisa ajira hawajakosea kusoma. Ulichokiweka pale ni barua ya kuomba kazi, nao wanaijibu kama barua ya kuomba kazi. "Nimekuwa na jukumu la" ni lugha ya mwajiriwa anayemweleza mwajiri mpya yale aliyokabidhiwa na mwajiri wa zamani. Mwajiri anaihitaji orodha hiyo kwa sababu mezani kwake kuna karatasi ya majukumu ya nafasi, anasoma huku anaweka alama ya tiki. Na lile la kufanya kazi chini ya shinikizo, nani anayeajiri mtu asiulizie hilo? Mteja hana karatasi hiyo. Mteja ana katoni zilizorudi.

Katoni sizitoi hewani. Nilipokupigia Jumanne kabla ya kuandika jibu hili, nilikuuliza swali moja tu: yule msagaji wa Muheza alikwambia nini siku ya kwanza? Ukacheka, ukasema hata salamu hakutoa. "Dada, mzigo umerudi. Katoni 40. Wanasema pilipili imeganda kama sukari guru." Niliiandika sentensi hiyo pembeni ya gazeti, na ndiyo nitakayoifanyia kazi leo, kwa sababu humo ndani kuna karibu kila kitu ambacho maelezo yako yanakosa.

Kisha ukanisimulia kilichofuata, na hapo sauti yako ilibadilika, ukawa mtu mwingine kabisa kuliko yule wa kwenye LinkedIn. Ulikuta pilipili manga inaanikwa kwenye majamvi chini, jioni inafunikwa na turubai, na umande wa kule unaujua mwenyewe. Lakini jamvi lilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ulikaa pale mchana mzima mpaka ukaiona: unga unatoka kwenye mashine una joto, kijana anauchota, anautia kwenye pakiti, anafunga papo hapo. Usiku pakiti inapoa, mvuke uliofungiwa unageuka maji kwenye ukuta wa ndani wa mfuko, unga unayanywa, na asubuhi una donge. Mkapandisha pilipili kwenye vichanja vya wavu, mkaweka masinia ya kupozea unga kabla ya kufungasha, mkabadilisha mfuko ukawa mzito zaidi. Halafu ukabandika karatasi moja ukutani, juu ya mashine, kwa mwandiko mkubwa: USIFUNGE UNGA UNGALI MOTO. Mzigo uliofuata haukurudi.

Sasa irudie ile orodha yako. "Kuandaa taratibu za uendeshaji": ni ile karatasi ya ukutani. "Kuratibu ukaguzi wa ndani": ni ule mchana mzima uliokaa kwenye kigoda unamwangalia kijana anachota unga. "Kutoa mafunzo kwa wafanyakazi": ni kijana yuleyule kuelewa kwa nini asubiri. Kazi ni ileile, ila majukumu yameandikwa kutoka upande wa meza ya bosi, na kisa kimeandikwa kutoka upande wa mashine. Mteja amesimama kwenye mashine.

Basi njia ya kugeuza ni hii, na ni ya kazi ya mikono, haina ujanja. Chukua kila jukumu uliloandika, ulize: ili nani apate nini? Ukijibu, uliza tena juu ya jibu lako, mpaka ufike kwenye kitu ambacho mteja anakiona kwa macho au anakihesabu. "Naandaa taratibu." Ili nani apate nini? "Ili wafanyakazi wafuate utaratibu mmoja." Ili iwe nini? "Ili kila pakiti ifanane na mwenzake." Ili? "Ili duka lisirudishe mzigo." Simama hapo. Ukiendelea utafika kwenye "ili uchumi wa nchi ukue", na huko umeshapita nyumba. Kwa orodha yako niliona majukumu mawili yanafika dukani, moja linafika kwenye ukaguzi wa TBS, na lile la ripoti kwa menejimenti halifiki popote kwa sababu msagaji wa Muheza hana menejimenti. Hilo liache.

Kabla hatujaandika, kuna jambo la nani anayesoma. Tusidanganyane: yule msagaji hayupo LinkedIn. Yupo WhatsApp, na aliletwa kwako na shemeji yake. Ndugu zake wa biashara hutawapata pale hata ukiandika kwa wino wa dhahabu. Watakaokusoma ni watu wa namna ya yule mratibu wa mradi wa kinamama, wanunuzi wa maduka makubwa na hoteli wanaotafuta bidhaa za hapa, na vijana waliotoka maofisini Dar wakafungua chapa zao za siagi ya karanga na asali. Nilikuuliza pia mratibu alisema nini alipokupigia, ukanijibu: "Vikundi vimeshapewa mashine, lakini duka hawazitaki bidhaa." Umeona? Anaishi mjini, ana ofisi na gari, lakini anauguza kidonda kilekile cha Muheza. Kwa hiyo usimwandikie "mpendwa mratibu wa mradi". Andika tatizo la pakiti, yeye mwenyewe atajiona, maana malalamiko hayo anayasikia kila anapotembelea vikundi.

Halafu mistari ya mwanzo. Sehemu ya About ina nafasi ya herufi 2,600, lakini mgeni anayefungua wasifu wako haoni zote. Anaona mistari michache ya juu, na zaidi akibonyeza. Kwenye simu, ambako wengi wetu ndiko tunakosomea, mistari hiyo ni mifupi mno. Fungua wasifu wako kwenye simu ya mtu mwingine, asiye na urafiki na wewe pale, uone kinachobaki nje ya pazia. Chako kilichobaki nje ni "Mtaalamu wa usimamizi wa ubora mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka". Wenzako wenye maneno hayohayo ni wengi kuliko mbuyu ulivyo na matawi, na hakuna hata mmoja aliyebonyezwa kwa sababu hiyo.

Usiku ule baada ya simu ukanitumia jaribio lako la kwanza. "Je, unataka bidhaa yako iteke soko? Umefika mahali sahihi!" Dada yangu, nilisikia gari la kipaza sauti linapita barabara ya 12. Uliikimbia lugha ya ofisini ukaangukia kwenye lugha ya tangazo, na zote mbili zina ugonjwa mmoja. Lifanyie mtihani huu: toa jina lako, weka la muuza mbolea, la fundi wa tovuti, la mganga. Sentensi bado inasimama? Basi siyo yako. Halafu chukua "pilipili imeganda kwenye pakiti", mpe muuza mbolea. Hawezi kuisema. Hiyo ndiyo yako.

Nimekuandikia hivi. Usiinakili neno kwa neno, maana baadhi ya mambo nimeyakisia na wewe ndiye unayejua siku zako na bei zako:

> Pilipili imeganda kwenye pakiti. Mafuta ya nazi yananuka kabla mwezi haujaisha. Duka limerudisha mzigo, na hujui kosa liko kwenye ukaushaji, kwenye mashine au kwenye mfuko.
>
> Kazi yangu ni kuja hapo unapofanyia kazi, kulitafuta kosa hilo, na kulirekebisha pamoja na watu wako.
>
> Msagaji mmoja wa viungo mkoani Tanga alirudishiwa katoni 40. Tulikuta mambo mawili: pilipili ilikuwa inaanikwa chini, na unga ulikuwa unafungwa ungali wa moto. Tukaweka vichanja, tukaweka muda wa kupoza, tukabadilisha mfuko. Mzigo uliofuata haukurudi.
>
> Naanza kwa siku moja ya kuangalia tu, kuanzia malighafi inapoingia mpaka katoni inapotoka. Unabaki na kurasa mbili: kosa, chanzo chake, gharama ya kurekebisha, na kitu cha kuanza nacho. Ukiamua kuendelea, tunapanga. Usipoamua, kurasa ni zako.
>
> Ukitaka kuomba alama ya ubora ya TBS, nakuandaa mpaka siku ya ukaguzi. Uamuzi ni wa TBS, na simwahidi mtu alama. Kama wewe ni mjasiriamali mdogo, anzia ofisi ya SIDO ya mkoa uulizie barua ya utambulisho. Kwa hilo huhitaji kunilipa.
>
> Sina maabara, na siuzi mashine wala vifungashio.
>
> Nilisimamia ubora kwenye kiwanda cha vyakula kwa miaka 11. Sasa nafanya kazi Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe, na msindikaji mmoja mmoja na miradi ya vikundi.
>
> Nitumie picha tatu kwa WhatsApp: pakiti mbele, pakiti nyuma, na mahali unapokaushia. Nitakwambia kama ni kazi yangu au ya mtu mwingine.
>
> Usalama wa chakula, HACCP, ISO 22000, lebo, ufungashaji, usindikaji wa viungo, mafuta ya nazi.

Hayo hayafiki herufi 2,000, na nafasi iliyobaki usiijaze.

Angalia miaka yako 11 ilikokwenda. Imeshuka mpaka karibu na mwisho, na najua itakuuma. Lakini pale juu ilikuwa dai, kila mtu ana miaka yake. Pale chini, mtu akishasoma habari ya unga wa moto, miaka 11 inamweleza ulijifunzia wapi kuiona. Na mstari wa mwisho kabisa, ule wa maneno makavu, upo kwa ajili ya utafutaji: mratibu akiandika HACCP kwenye kisanduku cha kutafuta, ni vizuri neno hilo liwe mahali fulani kwenye wasifu wako. Mahali pake ni huko chini, ambako halimzuii mtu mlangoni.

Nikueleze kwa nini nimeandika "simwahidi mtu alama", maana najua utataka kuufuta mstari huo. Washauri wengi wa fani yako wanaandika "nitakupatia alama ya TBS". Hakuna mshauri mwenye alama mfukoni. Wakaguzi wa TBS wanakuja kuona mahali pa uzalishaji, sampuli inachukuliwa na kupimwa, na matokeo ndiyo yanayoamua. Ukiahidi, siku sampuli ikifeli mteja atakudai wewe, na atakuwa na haki, kwa sababu uliandika. Kuna na jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti: mtu mwenye uzoefu akisoma "nitakupatia", anajiuliza utampatia kwa njia gani. Mratibu wa mradi wenye wafadhili hataki hata harufu ya swali hilo. Kwake mstari unaoukwepa ndio utakaomfanya apige simu.

Huo wa SIDO nao ni hivyohivyo. Unamwambia mtu kitu cha kweli ambacho hulipwi kwacho, na msomaji anapima kwa hicho vingine ulivyosema. Lakini uhakikishe mwenyewe kwenye ofisi yao utaratibu wa sasa ukoje kabla hujauandika, kisha upitie tena kila mwaka. Mambo haya huhama: mpaka mwaka 2019 ungeandika TFDA kwenye usajili wa vyakula, kisha kazi hiyo ikahamia TBS, na nimeshaona wasifu wa mshauri ambao bado unamtuma mteja TFDA. Mteja akienda akaambiwa mlango huo haupo, hatarudi kwako kuuliza mwingine.

Sasa hili la kisa cha Muheza nakuomba ulisome taratibu, kwa sababu mimi lilinigharimu. Nilipokuwa nashauri mambo ya hesabu za hoteli, niliandika kwenye wasifu wangu habari ya hoteli ndogo, idadi ya vyumba, jinsi stoo ya vinywaji ilivyokuwa inavuja, na jinsi tulivyoiziba. Jina sikuliandika, nikajiona mwerevu. Mwenye hoteli akanipigia kabla wiki haijaisha. Hoteli zenye idadi ile ya vyumba upande ule wa pwani zilikuwa ngapi? Watu wake wote walijua, hata yule aliyekuwa anaivujisha stoo. Nilifuta, nikaomba radhi, na kazi naye haikuendelea. Kwa hiyo usifiche jina halafu ukaweka wilaya, bidhaa na mwezi. Nimeandika "mkoani Tanga" badala ya Muheza kwa makusudi, na bado haitoshi. Msomee yule bwana aya nzima kwenye simu, mstari kwa mstari, umuulize: hii niitoe hivi? Akisema sawa, muombe na ujumbe mfupi wa maandishi, uutunze. Akikataa, tumia kisa cha mafuta ya nazi. Vyote vikikataliwa, andika kosa bila mtu: "Unga ukifungwa ungali wa moto, unaganda." Hiyo ni elimu, haina mwenyewe.

Na kuhusu kiwanda ulichotoka, usiandike namba zake. Asilimia ya bidhaa zilizokataliwa, idadi ya malalamiko, jina la mteja wake mkubwa: hivyo ni vya kiwanda, hata kama wewe ndiye uliyevipunguza, na huenda mkataba wako wa ajira una kifungu cha usiri kinachoendelea hata baada ya kuondoka. Miaka na aina ya kazi vinatosha.

Lugha. Jibu langu halitawafurahisha wote: andika Kiswahili kwanza, hata kama utachapisha Kiingereza. Umeona mwenyewe, Kiingereza chako cha ofisini ndicho kilichokuletea "menejimenti". Ukisimulia kwa Kiswahili unaona pakiti, ukiandika Kiingereza unaona fomu. Ukishapata maandishi ya Kiswahili yanayosimama, yapeleke kwenye Kiingereza kilekile cha pakiti na mashine, usikubali "jukumu" lirudi kwa mlango wa nyuma. Ipi ikae juu? Wateja uliowataja ni wa hapa, na mratibu wako mlizungumza Kiswahili tangu salamu. Ningeweka Kiswahili juu na aya mbili za Kiingereza chini yake. Wakianza kukutafuta wanunuzi wa nje, geuza, kwa sababu kinachoonekana kabla ya kubonyeza ni cha juu tu.

Namba ya simu iandike ndani ya maelezo yenyewe. Mtu ambaye hamjaunganishwa LinkedIn, kwa akaunti ya kawaida ya bure, hawezi kukutumia ujumbe hivihivi. Anatakiwa akuombe muunganishwe kwanza na asubiri ukubali, na mtu aliyerudishiwa mzigo hasubiri. Tafuta laini ya kazi peke yake, usiweke ile ambayo mama mkwe anapigia. Picha tatu nilizoziomba zina kazi mbili: mtu haoni aibu kutuma picha kama anavyoona aibu kueleza, na wewe ukiiona lebo ya nyuma na sehemu ya kukaushia, nusu ya jibu unayo kabla hujapanda daladala la Muheza.

Majukumu yako usiyatupe. Yapeleke kwenye sehemu ya Experience, chini ya ile ajira ya miaka 11, yakae huko kama yalivyo. Huko ndiko kwao, na mtu anayetaka kuhakiki ulikotoka atashuka kuyasoma. Kile kichwa kilicho chini ya jina lako nacho kibadilishe siku hiyohiyo. Kina nafasi ya herufi 220, na bado kinasema ofisa ubora. Weka "Nawasaidia wasindikaji wadogo wa Tanga bidhaa zisirudishwe dukani", basi. Ukibadilisha maelezo ya chini ukaacha kichwa cha zamani, umepaka rangi nyumba ukaacha kibao cha mpangaji aliyehama.

Utajuaje kama imefanya kazi? Usihesabu waliotazama wasifu. Ukibadilisha chochote utaenda kuuangalia kila saa, na namba hiyo itakuchezea akili. Soma ujumbe unaoingia, hasa sentensi ya kwanza. Leo zinaanza "tumevutiwa na uzoefu wako". Maelezo mapya yakifika kwa wenyewe, zitaanza kwa tatizo: "Dada, asali yangu inatoa povu." Hata zikiwa mbili kwa miezi mitatu, ni mbili zaidi ya ulizonazo. Maofisa ajira watapungua, na hapo ndipo utakapoogopa, kwa sababu ujumbe ulikuwa unakufariji hata kama ulikuwa wa kazi usiyoitaka. Kama bado moyoni una mlango mmoja wazi kwa ajira ya Dar, niambie tu, tutaandika kitu kingine. Maelezo yanayojaribu kumwambia bosi na mteja kwa pamoja huwa yanarudi kwenye "mwenye ari na ninayejituma".

Zikija sentensi za tatizo lakini siyo la kwako, mtu anataka mkopo, mwingine anataka umuuzie mashine, basi mistari ya juu imekuwa mipana. Ongeza bidhaa, punguza maneno. Zisipokuja kabisa, angalia kwanza kama watu 600 ulionao ni wasindikaji na waratibu au ni wenzako wa zamani wa maabara. Maandishi hayawezi kumfikia mtu ambaye hayupo, na hapo tatizo si la About tena.

Jambo la mwisho ni dogo. Ile karatasi ya ukutani, nenda ukaipige picha kabla unga haujaifunika yote, na kidole cha kijana kikionekana pembeni si vibaya. Iweke kwenye sehemu ya Featured, chini ya maelezo. Muombe ruhusa mwenye mashine kwanza.